Kufupisha sura ya mikataba kifungu kwa kifungu: pikipiki moja, mabadiliko manane

Wanafunzi wangu wa jioni, wengi wao wahasibu wanaojiandaa na mitihani ya bodi, huniletea daftari za sura ya mikataba zenye kurasa arobaini. Nikiuliza, "Mkataba wa kijana wa miaka 17 ni batili au unabatilika?" daftari hufunguliwa na kufunuliwa, na jibu halionekani. Limo, ila limezikwa. Hapa naeleza ninavyoifupisha sura hiyo hadi kadi kama kumi na mbili, nikitumia Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345.

Hatua ya 1: Hakikisha unafupisha sheria ya nchi yako

Sheria yetu ilitungwa mwaka 1961 na kwa sehemu kubwa inafuata Sheria ya Mikataba ya India ya 1872. Vitabu vingi vinavyouzwa kwa wanafunzi, hata hivyo, vimeandikwa kwa kufuata sheria ya Uingereza. Kenya nayo, kupitia Sheria yake ya Mikataba, Sura ya 23, inaielekea sheria ya kawaida ya Uingereza. Kwa hiyo notisi nzuri kabisa kutoka Nairobi zaweza kukukosesha swali Dodoma, na ndivyo ilivyo kwenye suala la mtoto. Weka Sheria yenyewe mezani, kitabu kikae pembeni kama mfasiri.

Hatua ya 2: Anza na kifungu cha 10, vingine vining'inie hapo

Usianze ukurasa wa kwanza wa sura. Kifungu cha 10 ndicho mti, vingine ni matawi. Kinasema makubaliano huwa mkataba yakifanywa kwa ridhaa huru ya watu wenye uwezo wa kisheria, kwa badala halali na kwa lengo halali, na kama Sheria haijayatamka kuwa batili. (Neno "badala" nalitumia kwa kile ambacho kila upande unatoa ili apate ahadi ya mwenzake. Si lazima kiwe fedha.)

Chora mstari chini ya kila sharti, kisha andika vifungu vyake pembeni. Uwezo ni 11 na 12. Ridhaa ni 13 hadi 22. Badala na lengo ni 23 hadi 25. Yaliyotamkwa batili moja kwa moja ni 26 hadi 30. Hapo sura yote umeishika kwa mistari minne, hata kabla hujaandika kadi ya kwanza.

Hatua ya 3: Kila kadi iwe na mistari minne tu

Mstari wa kwanza ni kanuni, kwa sentensi moja uliyoitunga mwenyewe. Wa pili ni "isipokuwa", yaani kile kinachoivunja kanuni. Wa tatu ni hukumu, na hapa pana maneno matatu tu yanayoruhusiwa: halali, batili, inabatilika. Wa nne ni mfano.

Mstari wa tatu ndio unaobeba alama. Makubaliano batili hayana nguvu kisheria kwa yeyote, hata pande zote zikipenda. Yanayobatilika ni mkataba kamili mpaka yule aliyeonewa aamue kuuvunja, na yeye peke yake ndiye mwenye hiari hiyo. Msomaji akikosea neno hili kwenye kadi, maelezo mengine yote yanapinda.

Hatua ya 4: Mfano uwe mmoja, ubadilishe jambo moja kila mara

Zamani nilikuwa natunga hadithi mpya kwa kila kifungu: muuza mchele hapa, mwenye nyumba pale. Wanafunzi wakakumbuka hadithi, vifungu wakasahau. Siku hizi natumia pikipiki moja.

Asha, mwenye miaka 34, anamuuzia Juma wa miaka 26 pikipiki iliyotumika kwa shilingi 2,000,000. Juma anatoa 1,200,000 papo hapo, nyingine ataleta mwisho wa mwezi. Wamekubaliana kwa mdomo pale kijiweni. Hakuna karatasi.

Ni halali? Ndiyo. Masharti ya kifungu cha 10 yametimia, na kifungu hicho hakidai maandishi. Kinachofanya ni kuziachia nafasi sheria nyingine zinazodai. Weka kiwanja mahali pa pikipiki uone: Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kifungu cha 64, inataka maandishi, na makubaliano yale yale ya mdomo hayatekelezeki mahakamani. Huo ndio mfano wako wa "isipokuwa" kwenye kadi ya 10. Sasa tuanze kubadilisha.

*Juma ana miaka 17.* Kadi ya kifungu cha 11. Kijana hajafikia umri wa utu uzima, na kifungu kidogo cha pili kinasema makubaliano ya asiye na uwezo ni batili. Batili, si "yanabatilika" kama utakavyosoma kwenye kitabu cha Kiingereza. Ukitaka kesi ya kushikilia, iko Mohori Bibee dhidi ya Dharmodas Ghose ya 1903, iliyoamuliwa London kwenye rufaa kutoka India. Kijana alikuwa ameweka mali yake rehani kwa mkopeshaji. Rehani ikahesabiwa batili, na mkopeshaji hakurudishiwa fedha zake. Kwenye "isipokuwa" andika kifungu cha 68: aliyempa mtoto mahitaji ya lazima ya maisha anaweza kulipwa kutoka kwenye mali ya mtoto huyo. Angalia vizuri, ni kutoka kwenye mali yake, si kwamba mtoto anadaiwa binafsi.

*Asha anasema, "Injini haijawahi kufunguliwa," na anajua imefunguliwa mara mbili.* Hii inataka kadi mbili: 17 inayoeleza udanganyifu, na 19 inayotoa hukumu. Inabatilika, kwa hiari ya Juma. Akitaka, anavunja mkataba. Akitaka, anabaki nao na kudai awekwe katika hali ambayo angekuwa nayo kama maneno yale yangekuwa kweli. "Isipokuwa" ya kifungu cha 19 ina mtego wanaonasa wengi: kama ridhaa ilitokana na maelezo yasiyo sahihi yaliyotolewa bila nia mbaya, au na ukimya wa udanganyifu, na Juma angeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, hawezi kuuvunja. Ila utetezi huo haumfai Asha hapa, kwa kuwa yeye hakunyamaza. Amesema uongo kwa mdomo wake, na hawezi kumwambia Juma, "Kwa nini hukuleta fundi?"

*Usiku wa jana pikipiki imeteketea kwa moto ghalani, na hakuna kati yao anayejua.* Kifungu cha 20. Pande zote zimekosea jambo la msingi la ukweli wa mambo, basi ni batili. Angekuwa Juma peke yake amekosea, kwa mfano alidhani pikipiki ni ya mwaka wa karibuni na Asha hakumwambia lolote, kifungu cha 22 kinasema kosa la upande mmoja haliuvunji mkataba. Kadi hizi mbili zibandike pamoja, maana hutungiwa swali moja.

*Asha anamwahidi: "Mwezi ujao nitakupa pikipiki hii bure."* Kifungu cha 25. Hakuna badala, ni batili, na Juma hana la kudai mwezi ukifika. Ila akiikabidhi kweli, zawadi iliyokwisha kutolewa haiguswi. Zipo "isipokuwa" tatu: ahadi ya maandishi kwa ndugu wa karibu kutokana na upendo, iliyosajiliwa pale sheria inapotaka, ahadi ya kumfidia mtu aliyekwisha kukutendea jambo kwa hiari, na ahadi ya maandishi yenye saini ya kulipa deni lililopitwa na muda wa kudaiwa. Hapohapo kuna swali wanalolipenda watunga mitihani: vipi kama pikipiki ya milioni mbili imeuzwa kwa 50,000? Ni halali. Sheria haipimi kama bei inalingana na kitu, ingawa bei ya ajabu inaweza kuifanya mahakama ijiulize kama ridhaa ilikuwa huru.

Mabadiliko manne yaliyobaki hayahitaji maneno mengi. Juma na Asha wakikubaliana pikipiki ibebe bangi na faida wagawane, lengo ni haramu, batili kwa kifungu cha 23. Asha akimwekea sharti la kutoendesha bodaboda popote, maisha yake yote, sharti hilo linamzuia kufanya kazi halali, batili kwa 27. Nafuu ya kifungu hicho ni ya anayeuza biashara pamoja na jina na wateja wake, naye huweza kuzuiwa ndani ya mipaka inayokubalika. Asha akisema, "Nitakuuzia mojawapo ya pikipiki zangu kwa bei nzuri," hakuna anayejua ni ipi wala bei gani, batili kwa 29. Na wakiwekeana pikipiki kwenye mechi ya Simba na Yanga, hiyo ni kamari ya watu wawili, batili kwa 30. Kampuni za kubahatisha zenye leseni zina sheria yake, usizichanganye humu.

Hatua ya 5: Nyuma ya kila kadi ya "batili" uliza fedha ziko wapi

Hatua hii wengi huiruka, kumbe ndiyo anayoitaka mteja. Juma alikwisha kutoa 1,200,000. Pikipiki ilikuwa imeungua, makubaliano ni batili, je, fedha zimepotea? Kifungu cha 65 kinasema makubaliano yakigundulika kuwa batili, aliyepokea manufaa arudishe au afidie. Asha anarudisha 1,200,000, wala hadai ile 800,000. Lakini usiandike 65 nyuma ya kila kadi kwa mazoea. Kwenye kadi ya mtoto, kesi ya 1903 ilikataa kukitumia dhidi yake, kwa kuwa ndani ya kifungu hicho pande zote zinadhaniwa kuwa na uwezo wa kuingia mkataba. Na kwenye kadi ya bangi, walioshirikiana wakijua wasitegemee mahakama iwasaidie kugawana.

Hatua ya 6: Jipime bila kadi

Mpe mwenzako hadithi ya Asha na Juma, abadilishe jambo moja bila kukuambia ni kifungu gani. Wewe ujibu kwa mpangilio huu: hukumu, kifungu, sababu, fedha. Majibu yangu huwa hivi:

"Inabatilika kwa hiari ya Juma. Vifungu vya 17 na 19. Asha alisema jambo alilojua si kweli ili Juma anunue. Juma akiuvunja, anarudisha pikipiki na kurudishiwa 1,200,000."

Sentensi nne, na mwongozo wa kusahihisha huzitafuta hizohizo. Ukijikuta unahitaji sentensi ya saba, mara nyingi hujaamua bado kama ni batili au inabatilika. Rudi mstari wa tatu wa kadi.