SOMO: Utepe wa jina unaoingia na kutoka bila kushtuka kwenye Premiere Pro (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, kila wiki naulizwa inbox swali lilelile: "Mbona jina la mgeni rasmi kwenye video yangu linaingia kama limesukumwa?" Naliandika hapa mara moja, na anayeuliza tena atapewa linki.

Mfano ni video ya send-off. Wazungumzaji ni wengi: baba mzazi, mshenga, mwenyekiti wa kamati. Kila mmoja anahitaji utepe chini kushoto, mstari wa juu jina, wa chini cheo. Sequence ni 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, na utepe unakaa sekunde 5, yaani fremu 125. Kama yako ni fremu 30, piga hesabu zako.

Kifremu, kwa asiyejua, ni ile alama ya almasi kwenye Effect Controls. Unaiambia programu: kwenye sekunde hii, kitu kiwe hapa. Ukiweka viwili, safari ya katikati inaijaza yenyewe.

1. Chagua Type Tool, bonyeza kwenye picha, andika jina na cheo.

2. Klipu ya maandishi ikiwa bado imechaguliwa, chora mstatili wa rangi, kisha uushushe nyuma ya maandishi. Usipoichagua kwanza, mstatili utaenda kuwa klipu nyingine.

3. Panga utepe mahali utakapokaa. Wangu unaanzia pikseli 100 kutoka kushoto na kuishia 800.

4. Fungua Effect Controls. Utaona Motion, na utaona Vector Motion. Tumia Vector Motion. Inasogeza jina, cheo na mstatili kwa pamoja, na ukikuza maandishi yanabaki makali. Motion ya kawaida inayachukua kama picha iliyokwisha kupigwa, kwa hiyo ukikuza sana yanafifia kingo.

5. Anza na utepe ukiwa umetulia, usianze nao ukiwa nje. Peleka ule mstari wa bluu mwanzo wa klipu, kisha songa fremu 15 mbele (Shift na mshale wa kulia mara tatu). Bonyeza saa ndogo kando ya Position. Hicho ndicho kifremu chako cha kwanza, na namba zake ni 960, 540, maana utepe uko pale ulipoupanga.

6. Songa fremu 97 mbele, ufike ya 112. Usiguse namba yoyote. Bonyeza tu Add/Remove Keyframe, ile almasi iliyo katikati ya mishale miwili. Kifremu cha pili, namba zilezile.

7. Rudi mwanzo kabisa wa klipu. Badilisha namba ya kwanza ya Position kutoka 960 kuwa 110. Utepe umesogea pikseli 850 kushoto na umetoka nje ya picha.

8. Nenda fremu ya mwisho, weka 110 tena. Hapa angalia: ukibonyeza mshale wa chini kwenye kibodi, mstari wa bluu unaangukia fremu ya kwanza BAADA ya klipu. Rudi fremu moja nyuma kwanza. Usiporudi, kifremu cha mwisho kinakaa nje ya klipu, na utepe unakatwa ukiwa bado haujamaliza kutoka. Kwenye simu hutaona. Kwenye projekta ukumbini wote wataona.

9. Sasa hatua inayoharibu kazi nyingi kuliko zote, na wengi hawajui hata kama ipo.

Una vifremu vinne, na kuanzia hapa tunavihesabu kutoka kushoto: nje, ndani, ndani, nje. Viwili vya katikati vina namba sawa, kwa hiyo unategemea utepe utulie tuli. Cheza uone. Unapitiliza kidogo kuelekea kulia, unaelea, kisha unarudi polepole, wakati mzee anaongea. Watu wanafuta vifremu vyote na kuanza upya, na shida inarudi ileile. Sababu ni kwamba Premiere haiunganishi vituo vya Position kwa mistari iliyonyooka, inachora njia ya kupinda. Kwenye kifremu cha pili, njia hiyo bado inaelekea kulia ilikokuwa inaelekea, hivyo inavuka kituo kisha inajikunja kukirudia.

Dawa: chagua vifremu vyote vinne, bonyeza kulia, Spatial Interpolation, kisha Linear. Fanya hivyo kabla ya hatua ya 10.

Kuhakikisha, simama fremu ya 60 na usome Position. Iwe 960, 540 kamili. Ikisoma 963 au 971, utepe bado unaelea hata kama jicho lako halijaona.

Onyo la kwanza: Spatial ni njia, Temporal ni kasi. Majina yamekaa pamoja kwenye menyu moja na ukikosea hapo unarudi ulikotoka. La pili: saa ya Position ikishawaka, badiliko lolote linaongeza kifremu kipya. Ukiona utepe umekaa chini sana, usiuburute kwa Vector Motion. Chagua maandishi na mstatili wenyewe, uvisogeze humo ndani ya klipu, kwa sababu huko hukuwasha saa. La tatu: usiizime saa ile "kujaribu". Ukiizima inafuta vifremu vyote. Itakuuliza kwanza, na wengi wanabonyeza OK bila kusoma.

10. Ulaini wa mwendo. Mpaka hapa utepe unasafiri pikseli 850 ndani ya fremu 15, kama 57 kila fremu, halafu unasimama ghafla. Huko ndiko kushtuka mnakolalamikia. Bonyeza kulia kifremu cha pili, Temporal Interpolation, Ease In. Cha tatu, Ease Out. Cha kwanza na cha nne viache, maana hapo utepe uko nje ya picha na hakuna anayeuona. Ukitaka ulaini zaidi, fungua kimshale kando ya Position uone grafu ya kasi, kamata mpini wa kifremu cha pili na uuvute kushoto. Kadiri unavyouvuta, utepe unaingia kwa haraka na kutua taratibu.

11. Kwa mzungumzaji anayefuata, shika Alt, buruta klipu, badilisha maandishi tu.

Kichwa cha video ni chepesi zaidi. Opacity kutoka 0 hadi 100 ndani ya fremu 20, na Scale ya Vector Motion kutoka 100 hadi 106 kwa muda wote wa klipu, bila Ease. Kama kichwa hakipo katikati ya picha, hamishia Anchor Point juu ya kichwa na urekebishe Position kukirudisha, la sivyo kitakuwa kinateleza pembeni kikikua.

Nawasilisha.

—

Mdau, Mwanza: Mkuu nimefuata zote, yangu haisogei kabisa.

Jibu: Saa umeiwasha? Hatua ya 5.

Mdau, Mwanza: Saa gani tena?

Jibu: Hatua ya 5, mkuu. Soma.

Mdau, Dodoma: Haya yote ya nini wakati kuna tempuleti za bure? Unaburuta, unaandika jina, umemaliza.

Jibu: Tumia, sijakukataza. Siku ukiletewa cheo cha "Katibu Mwenezi wa Jumuiya ya Wazazi" na tempuleti imetengenezwa kwa "Director", utarudi hapa.

Mdau, Mombasa: Shukran ndugu yangu. Nina dukuduku moja. Mimi hutengeneza tovuti, na huko `ease-in` ni kitu kuanza pole. Wewe wasema Ease In ni kutua pole. Ni mimi nimekosea?

Jibu: Hujakosea, na swali ni zuri. CSS inaitazama safari nzima: `ease-in` ni mwanzo wa safari kwenda pole. Premiere inakitazama kifremu kimoja: Ease In ni kasi kupungua wakati mwendo unaingia kwenye kifremu hicho. Kwa hiyo tunachofanya kwenye kifremu cha pili, wewe ungekiandika `ease-out`. Ukikariri majina utachanganyikiwa kila ukibadilisha programu, ila ukiitazama grafu hutakosea: mstari wa kasi ukishuka kuelekea kifremu, kitu kinatua pole.

Mdau, Arusha: Kaka nimeweka Ease lakini bado unakwamakwama. Ni RAM?

Jibu: Tofautisha mwendo mbaya na kompyuta kushindwa kuonyesha. Tembea fremu moja moja kwa mshale wa kulia. Kama hatua za utepe zinapungua kadiri unavyokaribia kituo, mwendo wako ni mzima. Angalia juu ya Timeline, ukiona mstari mwekundu hapo bonyeza Enter ili isindike, kisha cheza tena. Au shusha ubora wa kuchezea hadi 1/2. Haubadilishi video utakayotoa.

Mdau, Kigoma: Dada hapa, naediti mahafali. Wengine wanaongea kwa muda mrefu, nataka utepe wa sekunde 8. Nikivuta klipu, vifremu vya kutokea vinabaki katikati na jina linaondoka mapema. Nivisogeze kimoja kimoja?

Jibu: Hapana dada yangu, utazeeka. Chagua klipu bila kuchagua maandishi yaliyomo, nenda Essential Graphics (matoleo mapya iko Properties), tafuta Responsive Design - Time. Intro Duration weka fremu 16, Outro Duration 13. Sasa vuta klipu hadi sekunde 8. Vifremu vya kuingia vinabaki mwanzo, vya kutoka vinafuata mwisho, na kinachorefuka ni ule utulivu wa katikati. Fanya hivi kwenye klipu ya kwanza kabla hujainakili.

Mdau, Kigoma: Imekubali! Na mstatili je? Jina likiwa refu linatoka nje ya rangi.

Jibu: Kuna Pin To, palepale. Chagua mstatili, uufunge kwenye safu ya maandishi marefu zaidi, washa pande zote nne. Ukiandika jina refu mstatili unakua nao. Ila kumbuka hesabu ya hatua ya 7: mstatili ukifika pikseli 1100, kusogeza 850 hakutoshi kuutoa nje. Uburute hadi upotee kabisa, kisha namba hiyohiyo uitumie kwenye kifremu cha mwisho.

Mdau, Mwanza: Nimeiona saa. Inasogea. Ila ikifika katikati inaelea.

Jibu: Hatua ya 9.