SOMO: Namna ya kuchagua shuka kabla hujadanganywa na namba ya kwenye pakiti

Habari wana jamvi. Mwezi huu nimeulizwa mara tano swali lile lile: "Shuka za 1000 na za 300, zipi nzuri?" Naandika mara moja, ili anayeuliza kesho aelekezwe hapa. Mimi nina nyumba ndogo ya wageni hapa Tabora mjini, vyumba sita, na shuka zangu nafua na kurekebisha mwenyewe.

Kwanza mjue namba hiyo ni nini. Ni idadi ya nyuzi ndani ya inchi moja ya mraba: nyuzi za mtande, zile za urefu, ukijumlisha na za mshindio, zinazopita upana. Haikwambii uzi ni wa nini wala umefumwaje. Kwa hiyo namba huwa naiangalia mwisho.

Hatua ya 1: Jua ukubwa wa kitanda na unene wa godoro. Pima kwa futi kamba, usikisie.

Hatua ya 2: Jua uzi ni wa nini. Hapa ndipo nilipoumia, nitaeleza taratibu.

Chomoa uzi mmoja wa kitambaa, si wa mshono. Uzi wa kushonea mara nyingi ni poliesta hata kwenye shuka ya pamba tupu, ukichoma huo utakataa shuka nzuri bure. Ushike kwa kibanio juu ya sinia la bati, mbali na pazia, kisha uwashe. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, na huacha majivu laini ya kijivu yanayopotea ukiyasugua. Poliesta hujikunja kuukimbia moto, huyeyuka, na ikipoa huacha punje nyeusi ngumu. Usiiguse ikiwa ya moto, inanata kwenye ngozi na kuunguza vibaya.

Sasa kosa langu. Niliona shuka nyeupe, muuzaji akaniambia pamba asilimia mia. Nikachoma uzi, ukawaka vizuri mpaka mwisho, haukujikunja. Nikafurahi, nikanunua jozi 12 siku hiyo hiyo. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mchanganyiko wa pamba na poliesta nao huwaka vizuri. Nyuzinyuzi za pamba huishikilia poliesta iliyoyeyuka isidondoke, kama utambi unavyoshika mafuta, na moto unaendelea. Majivu yalikuwepo, nikayatazama kwa macho tu. Ningeyasugua kwa vidole baada ya kupoa ningekuta chembe ngumu kama mchanga. Mwezi wa nne shuka zikaanza kuota vifundo vidogo pale mgongo unapolala, na Oktoba, joto la hapa mnalijua, wageni wakaanza kulalamika kwamba wanaamka wamelowa.

Hivyo vifundo vina sababu. Kila kitambaa kikisuguliwa hutoa vinyuzi vinavyojiviringa. Vya pamba ni dhaifu, vinakatika na kuondoka kwenye maji ya kufulia. Poliesta ni imara mno, inavishikilia hapo hapo miezi na miezi. Na jasho: pamba hunywa unyevu, poliesta karibu hainywi kabisa, jasho linabaki kati yako na shuka.

Kwa hiyo:
- Sugua majivu yakishapoa. Chembe ngumu maana yake kuna poliesta, hata kama uliwaka kama karatasi.
- Choma uzi wa mtande na wa mshindio, kila mmoja peke yake.
- Muuzaji akikataa usichomoe uzi, nunua jozi moja, nenda nayo nyumbani, chomoa uzi ndani ya pindo uuchome, kisha ifue mara tatu. Ndipo urudi kununua nyingine.

Sisemi mchanganyiko ni takataka. Hukauka haraka wakati wa masika, hauhitaji pasi sana, na kwa nguvu unaishinda pamba tupu ya bei ile ile. Mwanafunzi wa bweni nitamnunulia huo. Kosa ni kuulipia bei ya pamba.

Hatua ya 3: Tazama mfumo. Inua kitambaa kwenye mwanga, au piga picha kwa simu uikuze. Ukiona uzi unapita juu ya mmoja na chini ya mmoja, kama mkeka mdogo, hiyo ni perkali. Ni kavu kidogo mkononi, inapitisha hewa, na kila unavyoifua inalainika. Ukiona uzi unaruka juu ya nyuzi tatu au nne ndipo unazama chini ya mmoja, hiyo ni satini ya pamba. Upande mmoja unang'aa, wa nyuma umefifia. Ni laini tangu dukani, inaanguka vizuri kitandani, lakini ina joto zaidi, na zile nyuzi zinazoelea juu hunaswa na ufa wa kisigino au kibanzi cha kitanda. Kwa Tabora mimi naweka perkali Septemba hadi Machi. Satini naitandika Juni na Julai, usiku ukiwa na baridi.

Hatua ya 4: Sasa hesabu. Kata kwenye kadi tundu la mraba, sentimita moja kila upande, liweke juu ya shuka, piga picha, kuza, hesabu. Perkali yangu ya sasa: mtande 45, mshindio 35, jumla 80. Zidisha kwa 2.54, unapata 203. Pakiti iliandika 200. Muuzaji huyo nilirudi kwake. Kwa perkali ya uzi mmoja mmoja, 180 hadi 300 inatosha kabisa. Ukipita 400 hivi unahitaji uzi mwembamba sana wa pamba ndefu, na bei inapaa.

Hatua ya 5: Jumlisha kusinyaa. Pamba ambayo haijafuliwa naitengea asilimia 5. Kitanda cha tano kwa sita ni inchi 60 kwa 72. Godoro la inchi 8 linaongeza 16 kila upande wa hesabu, na kuchomeka chini inchi 6 kila ukingo ni 12. Inakuwa 88 kwa 100. Ukiweka na kusinyaa, tafuta 93 kwa 105.

Maswali karibuni.

---

Kaka wa Ipuli: Mama, sasa 1000 na 300 ipi nzuri?

Mwandishi: Kaka, soma hatua ya 2 mpaka ya 4.

Kaka wa Ipuli: Nimesoma juu juu, niko safarini. Nitajie moja tu ninunue.

Mwandishi: Siwezi kutaja bila kujua uzi ni wa nini. Choma uzi, urudi na jibu.

Mama Kulwa, Kigoma: Shikamoo mama. Nimehesabu yangu kwa kadi nikapata 250 hivi, pakiti inasema 1000. Nimechoma, ni pamba tupu, majivu laini kabisa. Nimekosea wapi?

Mwandishi: Marahaba mwanangu, hukukosea, na asante kwa kuhesabu kweli. Chomoa uzi mmoja, ushike ncha zote mbili, uuzungushe kinyume na ulivyosokotwa. Ukifunguka ukaona nyuzi nne nyembamba, basi waliosokota wamehesabu kila mmoja: 250 mara 4 ni 1000. Hesabu sahihi ni ya uzi kama ulivyofumwa. Shuka ya namna hiyo huwa nzito na hukawia kukauka, na kwa unyevu wa ziwani kwenu utaiona. Si mbovu, ila ni shuka ya 250 iliyouzwa kwa bei ya 1000.

Mama Kulwa, Kigoma: Nimefungua, ni nne kweli! Na ni nzito ikilowa, siwezi kuikamua peke yangu.

Mwandishi: Ndiyo hiyo. Kamua na mtu, mshike ncha huku na huku, la sivyo mshono wa pindo unaachia.

Mzee wa Magodoro: Umewaponda sana wauzaji. Mimi nauza maikrofaiba miaka sita, wateja wanarudi. Laini, haisinyai, haichuji.

Mwandishi: Mzee wangu, sikumponda anayesema ukweli. Maikrofaiba ni poliesta ya nyuzi nyembamba mno. Ni laini kweli na haisinyai, nakubali. Ila kuiandikia 1500 hakuna maana, hiyo hupimwa kwa uzito, gramu kwa mita ya mraba. Waambie wateja ni poliesta, waamue wenyewe.

Mzee wa Magodoro: Hilo sawa.

Mkulima wa Igunga: Sisi tunalima pamba. Kwa nini shuka nzuri zinasifiwa pamba ya Misri? Yetu ina kasoro gani?

Mwandishi: Swali zuri ndugu yangu. Tofauti kubwa ni urefu wa unyuzi. Pamba yetu ya Igunga na Nzega ni aina ya urefu wa kati, takriban milimita 28. Ile ndefu kabisa inayosifiwa ni kuanzia milimita 35 hivi. Unyuzi mrefu unasokotwa uzi mwembamba bado ukawa imara, na ncha zinazochomoza ni chache, kwa hiyo shuka haitoi manyoya. Lakini hiyo ina maana kwa shuka za 400 kupanda. Kwa perkali ya 200, pamba kama yenu ikichambuliwa na kuchanwa vizuri inatosha, na mimi nalalia. Na jina la Misri kwenye pakiti lisikutishe, nimeshachoma "pamba ya Misri" ikaacha punje nyeusi.

Dada wa Urambo: Bei je? Perkali ya pamba ni ghali mara mbili.

Mwandishi: Gawanya kwa kufua. Daftari langu linasema shuka ya 18,000 ilikufa baada ya kufuliwa mara 35, sawa na shilingi 514 kila mfuo. Ya 40,000 imeshafika mara 104, inakaribia 385, na bado iko kitandani. Usizitie klorini kila wiki, inakula pamba. Loweka kwa sabuni usiku kucha, anika juani.

Dada wa Urambo: Nikiloweka na chumvi zile za rangi hazitachuja?

Mwandishi: Chumvi haishikishi rangi ambayo tayari iko kwenye kitambaa. Fua peke yake mara tatu za mwanzo.

Fundi wa Ng'ambo: Niongezee. Shuka ya pamba huisha katikati kwanza, pembeni inabaki nzima. Usiitupe. Ikate katikati kwa urefu, zile kingo mbili za pembeni ziunge ziwe katikati mpya, sehemu iliyochakaa iende nje, ikunjwe pindo. Cherehani dakika ishirini.

Mwandishi: Asante fundi. Mshono unakaa mgongoni, je, haukeri?

Fundi wa Ng'ambo: Usitumie mshono wa kawaida. Kingo za kiwanda hazichanuki, zipandishe moja juu ya nyingine robo inchi tu, upige mistari miwili. Unakuwa bapa, huusikii.

Mama Kulwa, Kigoma: Na ile nzito yangu ikichakaa?

Fundi wa Ng'ambo: Hiyo usiunge, ni nene mno. Toa foronya nne.