Daftari la mwaka wa kwanza kazini

Wadogo zangu mnaoanza kazi msimu huu wa korosho, nunueni daftari la mistari.

Mimi nilianza kama karani wa mizani kwenye ghala moja hapa Mtwara. Kila Ijumaa niliandika mambo mawili tu: kazi iliyonila saa nyingi wiki hiyo, na swali ambalo watu walinijia nalo mimi badala ya mwingine. La pili ndilo lenye mali. La kwanza huwa malalamiko matupu (yangu yalikuwa vumbi na foleni ya malori).

Kufika Desemba, maswali karibu yote yalikuwa ya ubora, siyo ya uzito. Nilikuwa nimezoea kusimama na mkaguzi akichoma magunia kwa bambo, akipima kilo 1 ya sampuli, akizipasua korosho na kutenga viini vizima na vibovu. Gramu 280 za viini vizuri kwa kilo ni kama ratili 49 kwa gunia la kilo 80, na wanunuzi huitazama sana namba hiyo. Nikawa naweza kumweleza mkulima kwa nini mzigo wake umeshushwa daraja.

Msimu ulipoisha nilimwonyesha bosi daftari, nikaomba kuhamia kwenye ukaguzi. Mshahara haukuongezeka hata shilingi, na mama alinuna. Leo ni mwaka wa kumi niko humo humo.

Ila andika Ijumaa ileile. Ukisubiri mwisho wa mwezi utakumbuka ugomvi tu.