Somo: Mtoto anakunywa mchuzi, maharage anayaacha. Jinsi ya kumtoa gramu 5 za nyuzinyuzi hadi 15

Ndugu wazazi, habari za nyumbani. Nafanya kazi ya lishe hapa Mbeya, na malalamiko ninayoyasikia zaidi kwa akina mama wa Uyole, Mwanjelwa na Forest ni haya mawili kwa pamoja: "mtoto anachagua chakula" na "mtoto anapata choo kigumu." Mara nyingi ni tatizo moja: mtoto hapati nyuzinyuzi za kutosha, yaani ile sehemu ya mimea isiyomeng'enywa, inayosaidia choo kiwe laini. Nitatumia mfano wa mtoto wa miaka minne, kwa kuwa umri wa miaka miwili hadi sita ndio watoto wengi hukataa vyakula wasivyovizoea.

Kwanza viwango. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 15 za nyuzinyuzi kwa siku, wa miaka 6 hadi 9 angalau gramu 21, na kuanzia miaka 10 angalau gramu 25, sawa na mtu mzima. Ziwe nyuzinyuzi za ndani ya chakula chenyewe, si zile za nyongeza za vidonge au za unga wa dukani. Ukikutana na jedwali la Marekani utaona namba kubwa zaidi, gramu 19 kwa miaka 1 hadi 3 na 25 kwa miaka 4 hadi 8. Hilo limepigwa kwa hesabu ya nguvu ya chakula chote anachokula mtoto, kwa hiyo usichanganye majedwali mawili. Ipo pia kanuni ya zamani ya madaktari wa watoto: chukua umri wa mtoto, ongeza tano. Wa miaka minne, gramu 9. Mimi naitumia kama kituo cha kwanza, kisha tunaendelea hadi 15.

Sasa tupige hesabu ya mtoto wetu. Asubuhi anakunywa chai ya maziwa na vipande viwili vya mkate mweupe: gramu 1.5. Saa nne anakula biskuti: nusu gramu. Mchana ni wali na mchuzi wa maharage, yeye anakunywa mchuzi na maharage yanabaki pembeni ya sahani: gramu 1. Jioni ugali wa sembe na mchuzi wa nyama, na kijiko kimoja cha mboga baada ya mabishano: gramu 2. Jumla ni gramu 5. Ameshiba kila mlo, lakini nyuzinyuzi ni theluthi moja tu ya anazohitaji. Wali mweupe uliopikwa una chini ya nusu gramu kwa kila gramu 100, na sembe imekobolewa ganda lote, ndiyo maana namba haipandi hata akimaliza sahani.

Hatua ya 1: Maharage yaingie ndani ya mchuzi

Ninaanza hapa kwa sababu mchuzi tayari anaupenda. Kijiko cha chakula kilichojaa maharage yaliyoiva kina gramu 2 hivi. Vijiko viwili ni gramu 4, na tayari umefika 9.

Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, kisha uyachemshe kwa moto mkali tangu mwanzo. Huku kwetu nyanda za juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi joto 100. Mbeya mjini ni kama 94. Ndiyo maana maharage yetu huchelewa kuiva kuliko ya Dar, na yale yaliyokaa sana ghalani huchelewa zaidi. Usipime kwa saa. Chukua punje moja uibonyeze kwa vidole viwili: ikiwa ni laini hadi katikati, imeiva. Ikibaki na kiini kigumu, rudisha kifuniko. Maharage mabichi-mabichi humuumiza mtoto tumbo, na yale mekundu yasipochemka vya kutosha yanaweza kumtapisha kabisa. Mtoto aliyeumwa tumbo mara moja hatasahau, na wewe utaambiwa ni mchaguzi.

Yakishaiva, toa vijiko viwili uviponde kwa mwiko hadi vilainike, changanya kwenye mchuzi wake uwe mzito. Baada ya wiki moja ponda nusu tu. Wiki inayofuata acha punje chache nzima. Fanya mbele yake, umwambie kwamba ni maharage yamepondwa. Mtoto akigundua mwenyewe kwamba ulimficha, ataanza kukagua hata vyakula alivyokuwa akivila.

Hatua ya 2: Biskuti ya saa nne iwe parachichi

Robo ya parachichi kubwa, kama gramu 50 za nyama yake, ina gramu 3. Ukitoa biskuti unaongeza gramu 2.5, umefika 11.5. Mpe kwenye kijiko, au lipake kwenye mkate na chumvi kidogo sana. Wengine hawapendi ule ulaini. Kwa hao, pera moja la wastani lililokatwa vipande linafanya kazi hiyohiyo.

Hatua ya 3: Changanya dona na sembe

Usimpe ugali wa dona mtupu ghafla, rangi na ladha vitamshtua. Anza robo dona, robo tatu sembe, kisha ufike nusu kwa nusu. Kwa ugali wa mtoto huyu, nusu kwa nusu inaongeza gramu 1.5. Tuko 13. Familia nzima ile ugali huohuo. Ukimpikia yeye peke yake, umeshamwambia kwamba chake kina kasoro.

Hatua ya 4: Ndizi mbivu moja ndogo asubuhi

Gramu 2, umefika 15. Hapa sina mengi, watoto wengi hawaikatai.

Kila hatua ikae wiki nzima kabla ya kuongeza inayofuata. Ukizirundika kwa siku mbili, tumbo litajaa gesi na mtoto atakataa vyote. Na maji ni lazima, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji hukifanya choo kuwa kigumu zaidi. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikikaza, watoto wetu hawataki kabisa maji ya kunywa. Wape ya uvuguvugu, kikombe kila mlo. Mkojo ukiwa na rangi iliyokolea, maji hayatoshi.

Mezani ufanye nini

Kazi ya mzazi ni kuamua chakula gani, saa ngapi na wapi. Mtoto aachiwe kuamua kama atakula na kiasi gani. Naomba mlizingatie hili kuliko namba zote za juu. Weka kiasi kidogo sana cha kile anachokataa, hata punje tatu za maharage, pembeni ya kitu anachokipenda. Akiacha, toa sahani baada ya kama nusu saa bila maneno, na usilete biskuti ya kufidia hadi muda wa kula unaofuata. Chakula kigeni mara nyingi hukubaliwa baada ya kuonjwa mara nane, kumi, hata kumi na tano, na wazazi wengi hukata tamaa kwenye mara ya tatu. Kulamba au kugusa kwa ulimi kunahesabika.

Ile ahadi ya "maliza maharage nikupe soda" iacheni. Inamfundisha kwamba maharage ni adhabu na soda ndiyo chakula kizuri. Pia angalia chai na maziwa: kikombe kikubwa cha chai ya maziwa nusu saa kabla ya mlo kinamjaza, na unachokiita uchaguzi kumbe ni shibe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama mmoja, Mafinga: Kamwene dada. Wangu ana miezi kumi. Nimwekee pumba kidogo kwenye uji apate nyuzinyuzi?

*Jibu:* Kamwene mama. Hapana, usiweke. Kwa umri huo mwongozo hautaji gramu zozote. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba kama robo lita tu kwa mlo, na pumba zikichukua nafasi hiyo, nguvu na mafuta vitakosa pa kukaa. Pumba pia hushika madini ya chuma na zinki yasifyonzwe vizuri. Iringa, Njombe na Rukwa zilikuwa juu kabisa kwa udumavu katika utafiti wa kitaifa wa 2022, kwa hiyo kwa mtoto mdogo nawaza kwanza uji mzito wenye karanga zilizosagwa, yai, dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa na parachichi. Nyuzinyuzi zitakuja zenyewe humo. Karanga nzima usimpe hadi afike miaka mitano, zinaweza kumpalia.

Baba wa watoto watatu, Tukuyu: Sisi chakula chetu ni ndizi za kupika. Wazee wanasema zinafunga choo. Tuziache?

*Jibu:* Kaka, msiziache. Sahani ya mtoto ya ndizi zilizopikwa ina kama gramu 3, zaidi ya wali mara kadhaa. Wazee hawakukosea moja kwa moja: ndizi mbichi zina wanga mgumu kumeng'enywa, na kwa baadhi ya watoto huimarisha choo. Zipikeni pamoja na maharage au njegere, na mtoto anywe maji. Kama choo kinakuwa kigumu siku za ndizi tu, punguza kiasi uone.

Shangazi mlezi, Iringa mjini: Mtoto ana miaka saba. Anakaa siku nne au tano bila choo, halafu chupi inachafuka kidogo kidogo kama anaharisha. Nimeongeza mboga na dona, hali imezidi.

*Jibu:* Shangazi, simamisha kuongeza. Dalili hizo zinafanana na choo kigumu kilichoziba chini, na kile chepesi kinapita pembeni. Huyo hawezi kujizuia, tafadhali asichapwe wala kuchekwa. Ukimwongezea nyuzinyuzi unaongeza mzigo juu ya kilichoziba. Mpeleke kituo cha afya apewe dawa ya kulainisha na kutoa kilichojaa, na ratiba hii uianze baada ya hapo. Kama kuna tumbo lililovimba, kutapika, damu kwenye choo au kupungua uzito, mpeleke leo.

Mama wa Makambako: Nikimtengenezea juisi ya pera na pasheni si inatosha?

*Jibu:* Ukichuja, nyuzinyuzi nyingi zimebaki kwenye chujio. Mpe tunda lenyewe.

Bibi, Mbalizi: Dona yangu hukaa wiki mbili inaanza uchungu. Na nimesikia ina sumukuvu.

*Jibu:* Shikamoo bibi. Uchungu ni mafuta ya kiini cha hindi, ambacho kwenye sembe kimeondolewa. Saga kidogo kidogo, ya siku kumi hivi, uiweke pakavu. Sumukuvu inatokana na mahindi yaliyoota ukungu, na hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, yaani sehemu ambazo dona inabaki nazo. Kwa hiyo kabla ya kupeleka mashineni, mwaga mahindi kwenye ungo uchambue: punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu au zenye ukungu zitupwe, mifugo nao wasipewe. Kama gunia lote limepata unyevu na linanuka, usilisage dona wala sembe.