Usaili wa kujirekodi: jizoeze na saa mkononi

Katika usaili wa video usio na msaili, swali hutokea kwenye skrini, unapewa muda mfupi wa kufikiri, mara nyingi sekunde 30, kisha kamera huanza kurekodi na kujizima yenyewe muda unapokwisha, hata kama uko katikati ya neno. Mdogo wangu wa Nkuhungu, hapa Dodoma, alitumia karibu jibu zima kueleza ofisi yake ya zamani, kamera ikazima kabla hajasema yeye mwenyewe alifanya nini.

Tulijizoeza kwa simu iliyoegemezwa kwenye vitabu, usawa wa macho, na saa ikihesabu sekunde 90. Sentensi ya kwanza ilipaswa kuwa jibu lenyewe: “Nilipanga upya daftari la stoo, na upotevu wa mizigo ukapungua.” Mfano ulifuata, na kufikia sekunde ya 75 alikuwa anafunga. Kila swali alilirekodi mara 1 tu, kwa kuwa baadhi ya waajiri hawaruhusu kurudia, na alibandika kikaratasi kando ya lenzi ili macho yasishukie sura yake. Dirisha lifungwe pia, maana upepo wetu husikika sana kwenye maikrofoni.