SOMO: Namna ya kufafanua kapsheni ya picha yenye mchezo wa maneno

Wengi wenu mnatafsiri kapsheni za picha, na mara kwa mara mnaniletea ile inayogoma: maneno umeyatafsiri yote sawasawa, lakini msomaji anaiangalia picha na kuuliza, "Sasa huyu samaki anahusu nini?" Kapsheni ya namna hiyo imejengwa juu ya maneno mawili yanayotamkwa sawa katika lugha yake, na huo usawa wa sauti hauvuki mpaka. Lazima ufafanuliwe. Nitaonyesha hatua kwa picha moja tu, kisha nitajibu maswali mliyoyatuma.

Picha yenyewe ni maarufu. Inatoka Yangliuqing, mji ulio upande wa magharibi wa Tianjin, China, unaojulikana kwa picha za mwaka mpya. Mistari huchapwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, halafu rangi nyingine hupakwa kwa brashi kwa mkono. Inaonyesha mtoto mnene, mwenye afya, amekumbatia samaki mkubwa mwekundu, na karibu yake pana ua la yungiyungi. Kapsheni ina herufi nne: 连年有余. Neno kwa neno inasema "miaka mfululizo kuwa na ziada".

Hatua ya kwanza: jua mchezo umekaa wapi

Usianze kutafsiri. Anza kwa kuisoma kapsheni kwa sauti. Kama huijui lugha hiyo, tafuta matamshi yake: Kichina kina maandishi ya Kilatini yenye alama za toni, na hapo tunapata lián nián yǒu yú. Sasa taja kila kitu kinachoonekana pichani kwa lugha ileile ya kapsheni. Samaki ni yú. Yungiyungi ni lián. Mtoto hafanani kwa sauti na neno lolote kati ya yale manne.

Hapo mchezo umeshajitokeza. Yú ya samaki inatamkwa sawa na yú ya ziada, na lián ya yungiyungi inatamkwa sawa na lián ya mfululizo. Vitu viwili vya pichani vinasema kwa sauti kile ambacho kapsheni inasema kwa maandishi. Mtoto yupo kwa sababu nyingine: ni dua ya kupata uzao. Msimlazimishe kuingia kwenye mchezo wa maneno. Nimeona mara nyingi mfafanuzi akishagundua fumbo moja anataka kila kitu pichani kiwe fumbo, na msomaji anaishia kupewa mambo ambayo mchoraji hakuyakusudia.

Hatua ya pili: hakikisha sauti ni moja kweli

Herufi za Kilatini bila toni zinadanganya. "Mai" ya Kichina yaweza kuwa mǎi, kununua, au mài, kuuza. Ukiacha zile alama utasema ni maneno yanayotamkwa sawa, kumbe Mchina anayasikia kuwa mbalimbali kabisa. Kwa hiyo linganisha pamoja na toni. Katika picha yetu, yú zote mbili zina toni ya kupanda, na lián zote mbili pia. Hapo una haki ya kuandika "hutamkwa sawa". Toni zikitofautiana, andika "hutamkwa karibu sawa". Neno hilo moja, "karibu", linakuokoa na kosa ambalo kila mjuzi wa lugha atalikamata.

Hatua ya tatu: angalia kapsheni imebeba maana ipi

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona ndiyo kiini cha kazi. Mchezo wa maneno una maana mbili, na kapsheni na picha hugawana. Katika mfano wetu kapsheni imeandikwa 余, ziada. Maandishi yamebeba dua, picha imebeba samaki. Basi tafsiri yako ifuate maandishi, na ufafanuzi ueleze picha.

Lakini utakutana pia na kapsheni iliyoandikwa 鱼, samaki, hasa kwenye kadi na matangazo ya kuchekesha: "kila mwaka kuna samaki". Hapo kazi imegeuka. Maandishi yanasema samaki, na dua imeachwa sikioni mwa msomaji. Ukitafsiri "kila mwaka kuna ziada" utakuwa umefuta uchangamfu wa aliyeandika. Tafsiri samaki kama alivyoandikwa, kisha katika ufafanuzi ndipo uilete ziada.

Hatua ya nne: andika mistari miwili

Mstari wa kwanza ni tafsiri safi, isomeke yenyewe kama Kiswahili. "Kuwa na ziada mfululizo wa miaka" hakuna anayemtakia mwenzake hivyo. Mimi naandika:

*Mwaka hadi mwaka, riziki na isalie.*

Mstari wa pili ni ufafanuzi. Anza na kinachoonekana, fuatisha sauti, malizia na maana, kwa sababu jicho la msomaji liko kwenye picha tayari:

*Samaki na "ziada" kwa Kichina hutamkwa sawa, yú. Yungiyungi hutamkwa sawa na "mfululizo", lián. Ndiyo maana vimechorwa pamoja.*

Inatosha. Usiongeze kwamba mlo wa mwaka mpya huwa na samaki, na kwamba wapo wanaombakisha makusudi asiliwe akaisha. Ni kweli, na ni jambo zuri kulijua, ila mahali pake ni kwenye makala. Na tafadhali usiandike tu "huu ni mchezo wa maneno usiotafsirika". Maneno hayo hayampi msomaji kitu. Anabaki na samaki wake.

Hatua ya tano: jaribu kwa mtu

Mpe picha na mistari yako miwili mtu asiyejua Kichina. Usimuulize kama ameelewa, atakujibu ndiyo. Mwambie akueleze kwa nini samaki yupo. Akisema "kwa sababu Wachina wanapenda samaki", ufafanuzi wako haujafika. Akisema "kwa sababu jina lake linasikika kama ziada", umemaliza.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Niko Mombasa, wakwe wa dada yangu ni Wajerumani. Tulituma picha ya mbuzi ya kukunia nazi yenye maneno "Nauza mbuzi. Hali majani, halii usiku." Sisi tulicheka sana, wao wakauliza mbuzi yuko wapi. Niwaeleze vipi?

Marahaba. Hapa upande umegeuka: lugha yenye fumbo ni yetu. Fuata hatua zilezile. Maandishi yamebeba mnyama, picha imebeba kifaa. Kwa hiyo kwa Kijerumani atafsiriwe mnyama, kisha useme: kwa Kiswahili, jina la mnyama huyu ndilo pia jina la kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wa kukunia nazi.

Tazama na kazi nzuri aliyoifanya aliyeandika. Kifaa kingekuwa "haili majani, hailii usiku". Yeye kaandika "hali" na "halii", upatanisho wa kiumbe chenye uhai, akalifunga sikio letu kwenye mnyama mpaka jicho lishuke kwenye picha. Hilo huna haja ya kuwaeleza wakwe, maana Kijerumani hakina namna ya kulionyesha kwa ufupi. Ila wewe mfafanuzi lijue, kwa sababu ndilo linalokuambia utafsiri maana ipi. Na ukiipeleka kapsheni hiyo kwa Waswahili wa bara, wapo wanaokijua kifaa hicho kwa jina la kibao cha mbuzi, au hawajakitumia kabisa. Nao watahitaji mstari wa pili.

Mwalimu, badala ya kufafanua, siwezi kutunga mchezo wangu wa maneno kwa Kiswahili?

Picha ndiyo itakayokuruhusu au kukukatalia. Chukua katuni ya tai aliyevaa tai shingoni. Vitu vyote viwili vimechorwa. Anayetafsiri kwenda lugha nyingine hata atunge nini, ndege na vazi vitabaki pale vikidai sababu. Na samaki wa Yangliuqing ni vilevile. Lakini kama picha ni ya jumla, tuseme mtu amekaa mezani anatabasamu, na mchezo wote uko kwenye maneno ya tangazo, basi tunga wako, mradi mwenye tangazo akubali. Kwa picha ya kihistoria au ya makumbusho, usitunge. Pale msomaji anataka kujua mchoraji alisema nini.

Nilipewa kazi ya kupanga kadi yenye herufi moja kubwa ya Kichina iliyopinduliwa kichwa chini. Nikaigeuza, mteja akalalamika. Kosa ni lipi?

Herufi hiyo bila shaka ni 福, fú, yaani neema. Hubandikwa kichwa chini makusudi. "Kupinduka" ni dào, na "kufika" nako ni dào, toni ileile. Anayeiona akisema "neema imepinduka", masikio yanasikia "neema imefika". Kumbe hapa fumbo halimo kwenye neno lililoandikwa, limo katika jinsi lilivyokaa, na ukilinyoosha umelifuta. Irudishe ilivyokuwa, na chini yake andika: *Neema imefika. Kwa Kichina "imepinduka" na "imefika" hutamkwa sawa.*

Na keki iliyoandikwa 520? Rafiki yangu wa Guangzhou kanitumia.

Wǔ èr líng, tano, mbili, sifuri. Inasikika kwa mbali kama wǒ ài nǐ, "nakupenda". Hapa ndipo neno "karibu" linapohitajika, maana sauti hazilingani sawasawa. Tarehe 20 Mei hutumika kutumiana ujumbe wa mapenzi kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo usiitafsiri "mia tano ishirini" ukaacha hapo, msomaji atadhani ni bei ya keki.

Mimi naandika maelezo ya picha kwa wasioona, yanayosomwa na programu ya simu. Mistari yako miwili inatosha?

Haitoshi. Msomaji wako hana samaki mbele yake, kwa hiyo tanguliza mstari wa kueleza picha: *Mtoto mnene amekumbatia samaki mwekundu, karibu na ua la yungiyungi.* Kisha tafsiri, kisha ufafanuzi. Halafu programu inayosoma Kiswahili hukosea alama za toni, na herufi za Kichina huenda ikaziruka kabisa. Ufafanuzi wako usitegemee msomaji kuisikia yú vizuri. Andika "jina la samaki na neno la ziada hutamkwa sawa kwa Kichina", bila kuweka neno la Kichina lenyewe. Ukitaka kuliweka, liwe mwisho wa sentensi, ili hata likisomwa vibaya maana iwe imeshamfikia.