Mchoro mdogo wa mwenendo kwa kila safu ya Excel

Ukiwa na jedwali la mauzo ya miezi sita, bidhaa moja kwa kila safu mlalo, chagua seli tupu za `H2:H9`, fungua `Insert`, kisha `Sparklines` na `Line`, na kwenye `Data Range` andika `B2:G9`. Kila safu itapata mstari wake mdogo unaoonyesha mwenendo. Jihadhari na jambo moja: Excel huipa kila safu kipimo chake, hivyo mchele uliopanda kutoka kilo 400 hadi 410 utaonekana umepanda sawasawa na dengu zilizotoka kilo 20 hadi 90, kwa kuwa mistari yote miwili huanzia chini ya seli na kuishia juu. Ikiwa unataka kulinganisha bidhaa, fungua `Axis` katika kichupo cha `Sparkline` na uchague `Same for All Sparklines` kwa kiwango cha chini na cha juu pia. Hata hivyo, kipimo cha pamoja hakifai pale safu moja inapozizidi nyingine mara nyingi, kwa sababu safu ndogo hulala bapa na mwenendo wake hupotea. Hapo ni afadhali kuacha kila safu na kipimo chake na kusoma mwelekeo tu.